Shangazi, simu ikilia tu roho yanitoka

Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Goma, nimeolewa hapa Nairobi na ninauza vitenge. Mama na wadogo zangu wawili bado wako kule. Januari 2025, mji ulipotekwa, mdogo wangu alinipigia mara tatu usiku nikiwa usingizini. Nilipoamka nikampigia, hapatikani mpaka kesho yake jioni. Tangu hapo simu yangu inalala chini ya mto. Niko kwenye grupu la familia, la mtaa wetu wa Ndosho, la kanisa, la shule ya watoto, mawili ya biashara, na nafuata chaneli tatu za habari. Hata ukiingia ujumbe wa karo moyo unaruka. Saa nyingine naisikia ikitetemeka kumbe iko kimya. Nawafokea watoto bure. Mume wangu aliizima usiku mmoja bila kuniambia, tukagombana vibaya. Anataka nitoke kwenye magrupu yote. Nitatokaje, Shangazi? Na wakinipigia tena?

Asiyelala, Kasarani

Mwanangu,

Pole sana. Mumeo anakupenda, ila ameanzia mwisho. Simu ikizimwa, masikio yanapata kimya lakini akili inajua kwamba njia pekee ya mama kukufikia imezibwa, kwa hiyo inakesha zaidi. Wewe hutaweza kutulia mpaka uwe na hakika kwamba ile simu moja, ikija, itakuamsha. Tuanzie hapo. Magrupu tutayarudia baadaye.

Elewa kwanza kinachokuchosha. Mwili haungoji usome ujumbe ndipo ushtuke. Sauti ikilia tu, adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na hayo yote yametokea kabla hujajua kama ni habari ya vita au ni mtu ametuma picha ya maua ya kukutakia asubuhi njema. Kwa mwili wako sauti ni ile ile. Ni kama kumwambia bawabu agonge dirisha la chumba chako kila paka anapopita, halafu ushangae kwa nini hulali. Halafu kuna la pili, ambalo ndilo linalokunasa: ukiangalia na kukuta si jambo, unapata nafuu. Nafuu hiyo ni tamu, lakini haidumu, na inaufundisha ubongo kwamba dawa ya hofu ni kuangalia. Kesho yake utaangalia mara nyingi zaidi, si chache. Huko kusikia mtetemo usiokuwepo kusikutie hofu ya kuwa unarukwa na akili. Huwapata watu wengi wanaokaa wakisubiri simu, na hupungua kusubiri kunapopungua.

Sasa ile simu moja. Kwenye simu ya Android fungua Settings, kisha Notifications, kisha Do Not Disturb (kama simu yako iko kwa Kiswahili utaona Usinisumbue). Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini ndani yake utakuta mahali pa kuchagua watu ambao simu zao ziruhusiwe. Chagua Starred contacts, halafu nenda kwenye orodha yako ya majina uwatie nyota mama, wadogo zako wote wawili na mumeo. Basi. Usiongeze shoga, usiongeze mwenyekiti wa kikundi. Hao wanne wakipiga, simu italia hata kama kila kitu kingine kimenyamazishwa.

Papo hapo utaona Repeat callers. Iwashe, kwa sababu siku ya shida watu hawapigi kwa simu zao. Betri imekufa, kredi imeisha, au wako kwa jirani. Ukiiwasha, namba yoyote ile, hata usiyoijua, ikipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, itapita na kulia. Kwenye iPhone kitu hicho kinaitwa Allow Repeated Calls, ila nafasi yake ni dakika 3 tu. Kwa hiyo waambie nyumbani hivi: jambo la dharura ni bipu mbili zilizofuatana upesi, kutoka kwa simu yoyote. Bipu haiwagharimu kitu, nasi watu wa huku tumeijua kazi yake tangu simu ziingie. Utawapigia wewe. Na kama kwenye simu yako umewasha Silence Unknown Callers, izime, maana itaiua bipu ya jirani.

Sisitiza iwe simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Ile ya WhatsApp inategemea data ya pande zote mbili, na huwezi kuwa na hakika kwamba italichukua lile ruhusa la nyota.

Kisha jaribuni. Hili usiliruke, kwa kuwa akili yako haitaamini maneno yangu, itaamini masikio. Mchana mmoja weka Do Not Disturb, acha simu mezani sebuleni, sauti ya mlio ikiwa juu kabisa, wewe kaa jikoni. Mdogo wako apige mara moja kwa namba yake, halafu apige mara mbili kwa namba ya jirani. Kama hukusikia, mara nyingi kosa ni kwamba simu iko kwenye mtetemo au mlio uko chini, maana ruhusa ya kupita haiongezi sauti. Rekebisha, jaribuni tena. Na usiku iache kwenye chaja, nje ya kitanda. Simu yenye mlio mkali utaisikia kutoka kwenye meza ya chumba. Chini ya mto haikusaidii kusikia zaidi, inakusaidia tu kuishika.

Liko jambo la pili la kukubaliana na nyumbani, nalo ni maana ya kimya. Siku zile za Januari umeme na maji vilikatika Goma, na simu zisizo na chaji hazipatikani. Mdogo wako alikuwa hai muda wote huo, wewe ukamzika moyoni kuanzia usiku hadi jioni ya pili. Mchague mmoja wenu awe msemaji wa nyumbani. Kila siku saa 1 usiku ya Goma, ambayo ni saa 2 usiku ya Nairobi, atume neno moja la SMS: wazima. Likikosekana usiku mmoja, mtalihesabu kuwa ni chaji au mtandao. Asubuhi utampigia yeye, akikosekana utampigia jirani mmoja mliyemtaja mapema, na baada ya hapo ndipo utaanza kuulizia kwingine. Ukiwa na hatua hizo zimeandikwa kwenye karatasi, kimya kinakuwa na la kufanya. Kisichokuwa na la kufanya ndicho kinachoota matawi usiku.

Hapo ndipo magrupu yanapoingia, nami naona hutakiwi kutoka hata moja. Grupu la mtaa ni watu wako. Ila halina haki ya kukuamsha, na kusema kweli halijawahi kukuletea habari ya mama kabla ya mdogo wako. Fungua kila grupu, chagua Mute notifications, weka Always, kisha lipeleke Archive. Hakuna atakayejua, WhatsApp haimtangazii mtu. Mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako bado unaweza kupata taarifa, kwa hiyo hujapotea. Chaneli za habari zinyamazishe zote. Grupu la familia nalo lizime sauti, maana msemaji mnaye na bipu mnayo. Najua hili litakuuma.

Ukimaliza, ingia Settings ya WhatsApp, Storage and data, halafu kwenye Media auto-download ondoa alama ya picha na video. Hao wanaorusha maiti kwenye grupu la kanisa wana lao, lakini simu yako isizipakue zenyewe ukakutana nazo ukitafuta picha ya kitenge. Kuna utafiti ninaourudia mara kwa mara kwa watu wenye shida kama yako. Baada ya mabomu ya mbio za Boston mwaka 2013, watafiti wa Marekani waliwauliza watu hali zao. Waliotazama na kusoma habari za mkasa huo saa 6 au zaidi kwa siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali za msongo kuliko hata wale waliokuwepo kwenye mbio zenyewe. Wewe huko Goma hukuwepo, lakini kwa video za kila saa mwili wako umekuwepo tangu Januari.

Na ujumbe wenye mishale miwili na maandishi Forwarded many times, maana yake umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Anayekutumia hajui ulikotoka. Usiusome usiku.

Mumeo ataniuliza kwa nini nisikuambie uzime kila kitu. Jibu lake lipo. Watafiti waliwahi kuwagawa watumiaji wa simu huko India: wengine wakapokea taarifa zao kama kawaida, wengine kwa mafungu matatu kwa siku, wengine hawakupokea kabisa. Waliopata mafungu matatu ndio waliotulia, wakamakinika na kazi. Walionyimwa kabisa walizidi wasiwasi, wakihofia yanayowapita. Kwa hiyo usijinyime habari. Zipangie saa.

Hebu tuipange siku yako, nikikisia kutokana na biashara yako. Unapoamka, simu usiiguse kwa nusu saa ya kwanza isipokuwa kuangalia kama kuna simu uliyokosa, maana hiyo ndiyo habari pekee ya usiku iliyo yako. Chai, watoto, sare za shule. Saa 2 asubuhi kaa chini usome habari dakika 20, ukiwa umekaa, si ukitembea wala ukivuka barabara. Kuanzia hapo mpaka saa 7 ni biashara. Usiweke Do Not Disturb, kwa sababu unahitaji kusikia wateja na ujumbe wa M-Pesa, na kwa kuwa magrupu yamenyamaza, kila kinachoita sasa ni cha kazi. Saa 7 mchana dakika 20 nyingine za habari. Saa 2 usiku ujumbe wa wazima, na hapo hapo sikiliza taarifa ya habari moja ya redio unayoiamini. Radio Okapi iko mtandaoni na inatangaza kwa Kiswahili pia. Naipendelea redio kuliko chaneli kwa sababu taarifa ya habari ina mwisho. Mtangazaji anaaga. Grupu haliagi.

Sasa tupange dirisha la utulivu, yaani muda wa kukaa mbali na simu, nalo lianze saa 10 jioni, si usiku. Wengi huanza na usiku kwa kuwa ndio unaowauma, wanashindwa, wanasema haiwezekani. Jioni kuna mwanga, watu wako macho, na kama kuna jambo utalipata. Washa Do Not Disturb kwa dakika 20, simu iwe chumba kingine. Chukua kazi ya mikono isiyohitaji akili nyingi: chambua mchele, kunja vitenge, msuke binti.

Nikuambie kitakachotokea, usije ukadhani umeshindwa. Dakika za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko kawaida. Mkono utaitafuta simu wenyewe, halafu akili italeta sababu nzuri sana: leo ni tofauti, kuna mteja wa jumla, nilimwona mdogo wangu mtandaoni saa sita na hakujibu. Weka karatasi na kalamu pembeni. Sababu ikija, iandike kama swali, kwa mfano "Mbona hakujibu?", na uiachie kikao cha habari cha saa 2 usiku. Hofu iliyoahirishwa kwa saa maalum hutulia kidogo, kwa sababu umeiambia itasikilizwa. Ukisikia kifua kimebana, vuta pumzi taratibu kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita, mara kumi hivi. Kutoa kwa kuchelewa ndiko kunakopunguza mbio za moyo, si kuvuta kwa nguvu. Ukivuta kwa nguvu utapata kizunguzungu.

Utajuaje kwamba linafanya kazi? Angalia taya na mabega. Siku itafika utagundua katikati ya dirisha kwamba meno hayajagusana, na kwamba unamsikia mtoto wa jirani akisoma. Ikiwa siku kadhaa zimepita vizuri, panua mpaka nusu saa, kisha saa nzima, halafu ndipo uguse usiku: dirisha lianze saa moja kabla ya kulala, liendelee hadi asubuhi, ukiwa na zile nyota na bipu mbili.

Yako mambo mawili yanayoliharibu. La kwanza ni kutoka dirishani moja kwa moja kwenda kwenye grupu lenye jumbe mia tatu, ukasoma mpaka chakula kikaungua. Dirisha likiisha, fanya kwanza kazi nyingine ya nyumba kabla ya kushika simu, na usisome ya nyuma. Lililo muhimu litakuwa limerudiwa. La pili ni kumpigia mama. Unaacha kuangalia chaneli, unaanza kumpigia mara sita kwa siku usikie sauti tu. Hiyo nayo ni kuangalia, imebadilisha nguo. Na mama, ukimpigia kwa sauti ya hofu, naye anaanza kuogopa. Mpigie mara moja kwa siku, mzungumze bei ya maharage.

Siku za moto zikija, mapigano yakisogea, usivunje mpango wote. Punguza. Madirisha yawe ya dakika 10, matatu kwa siku, na vikao vya habari viongezeke. Anayetangaza kwamba siku ya moto imeanza au imekwisha awe yule msemaji wenu wa Goma. Isiwe chaneli, wala isiwe wewe saa 8 za usiku.

Na hapo mumeo ana kazi. Mwambie asiiguse simu yako tena bila ruhusa, maana kila akiizima kwa siri anaiambia akili yako kwamba hata ndani ya nyumba inabidi ilinde. Badala yake namba yake iwe ya pili kwenye karatasi ya nyumbani Goma, na usiku wa moto mpeane zamu. Usiku mmoja simu zote mbili zinalala upande wake, yeye ndiye anayesikiliza, wewe unalala. Kesho yake mnabadilishana. Mwanamume anayetaka mkewe alale na akeshe yeye kidogo.

Haya yote ni ya mazingira na mazoea. Lakini wewe ulipata mshtuko halisi usiku ule, na mazoea hayatibu kila mshtuko. Ukifuata mpango huu kwa mwezi mzima na bado ndoto zinakurudisha kwenye usiku ule, au unaruka hata mlango ukibamizwa, au unakwepa kumzungumzia mdogo wako, au unahisi maisha hayana haja, nenda ukaonwe. Hilo la mwisho halisubiri mwezi, nenda siku hiyo hiyo. Hospitali ya Mathari ina kliniki ya wagonjwa wa nje, na hospitali nyingine kubwa za Nairobi zina washauri pia. Usiseme tu kwamba hulali, kwa sababu utaandikiwa vidonge vya usingizi na kurudishwa nyumbani. Sema ulipigiwa mara tatu, sema hukusikia, sema ulidhani amekufa.

Shangazi